Taarifa ya Habari ya Dakika Tano kwa Simu Moja

Taarifa ya habari ya shule yenye urefu wa dakika tano huhitaji maneno yapatayo 250 tu kutoka vinywani mwa watangazaji wake. Muda unaobaki ni wa picha za matukio na sauti za watu waliohojiwa. Maneno 250 hayajazi hata kurasa mbili za daftari. Lakini tazama jinsi klabu nyingi za habari zinavyoanza kazi: wanafunzi wanaazima taa, wanabishania rangi ya pazia, wanagombea nani atakaa mezani, na zile kurasa mbili zinaandikwa mwishoni, haraka haraka, mtangazaji akiwa amekwisha kuketi. Ndipo msichana hodari wa Kidato cha Tatu anapokwama katikati ya sentensi ya maneno 40, na jina la mpishi wa shule linapotokea kwenye skrini likiwa limekosewa herufi mbili.

Simu ya kawaida inatosha kabisa kwa kazi hii. Kinachoamua ubora wake ni yale yaliyoandikwa kabla ya kamera kuwashwa, na uangalifu wa kuliandika jina la kila mtu sawasawa baada ya kamera kuzimwa. Hayo mawili hayagharimu fedha, na ndiyo yanayopuuzwa zaidi.

Tuchukue mfano wa sekondari ya bweni yenye klabu ya wanafunzi tisa. Simu ni moja, nayo ni ya mwalimu mlezi, kwa kuwa shule zetu nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Kuna stendi ya simu ya bei ndogo, kompyuta moja ya ofisi ya taaluma, na televisheni ya bwalo la chakula ambako taarifa itaonyeshwa Ijumaa jioni. Wiki hii wana habari nne: pampu ya kisima imeharibika, maabara imepokea darubini mpya, ratiba ya mitihani ya majaribio imetoka, na timu ya mpira wa pete imeshinda mechi ya ugenini.

Jambo la kwanza ni kugawa sekunde 300. Ufunguzi na vichwa vya habari vipewe sekunde 30, na salamu 10. Habari ya pampu, ambayo ndiyo kubwa, ipewe 80. Darubini 60, mitihani 40, michezo 50, na kufunga 30. Mgao huo uandikwe ubaoni uonekane na wote, maana utazuia ugomvi mwingi. Mwandishi wa habari ya darubini atataka dakika tatu, ubao utamjibu. Na habari ya mitihani haina picha ya maana zaidi ya karatasi iliyobandikwa ukutani, kwa hiyo sekunde 40 ni nyingi kwake.

Sasa kuandika. Mwanafunzi wetu amefundishwa kuandika insha, na insha hupenda kuanzia mbali. Rasimu ya kwanza ya habari ya pampu huja hivi: "Siku ya Jumatatu, majira ya alfajiri, wakati wanafunzi wakijiandaa kwenda darasani kama ilivyo kawaida yao, walishtuka kukuta mabomba hayatoi maji." Ni Kiswahili kizuri, na mwalimu wa lugha atakipa alama. Msikilizaji wa habari lakini ameshapitisha sekunde kumi na zaidi na bado hajaambiwa kilichotokea. Tena sentensi hiyo inazungumzia Jumatatu, na mtazamaji anaisikia Ijumaa. Anachotaka kujua ni hali ilivyo leo.

Baada ya kuhaririwa, mtangazaji atasoma hivi: "Pampu inayovuta maji ya kisima cha shule haifanyi kazi tangu Jumatatu. Wanafunzi wa bweni sasa wanatembea hadi mtoni kila alfajiri kuchota maji ya kuoga na kufulia. Fundi aliyeikagua anasema mota imeungua na nyingine itafungwa kesho." Hayo ni maneno 35. Sentensi ya kwanza imesema kilichoharibika, ya pili imesema nani anaumia na kwa namna gani, ya tatu imesema nini kinafuata. Kila sentensi inasomeka kwa pumzi moja. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko kanuni yoyote ya sarufi: mwanafunzi aisome sentensi kwa sauti, na akilazimika kuvuta pumzi katikati, ikatwe mara mbili.

Kasi nayo ipimwe. Mpe mtangazaji habari yenye maneno 110, umpime kwa saa. Akitumia kama dakika moja, yuko sawa. Akimaliza kabla ya sekunde 50, anakimbia, na walio nyuma ya bwalo watapoteza nusu ya maneno. Ukishaijua kasi yake, huhitaji kukisia tena urefu wa habari, unahesabu maneno tu. Zile 35 za pampu ni sekunde 19. Zinazobaki katika sekunde 80 zake ni za picha za wanafunzi wakiwa na ndoo, kauli ya fundi, na kauli ya mwanafunzi mmoja anayechota maji.

Kuna tabia moja ya kuiondoa mapema. Habari za shule hupenda kuorodhesha wakubwa: mgeni rasmi alikuwa fulani, akiambatana na fulani, akapokelewa na fulani. Darubini zimeletwa kwa ajili ya wanafunzi, basi habari ianze na idadi ya darubini, na kwamba hapo awali wanafunzi wangapi walikuwa wakitazama kwenye moja. Aliyezileta atajwe mara moja, kwa jina kamili na cheo, inatosha.

Vichwa vya habari husomwa kwanza lakini huandikwa mwisho. Sababu yake ni kwamba kichwa ni ahadi, na huwezi kuahidi habari ambayo hujaimaliza. Nimeona vichwa vilivyoandikwa siku ya kwanza vikisema pampu "yaibwa", na uchunguzi wa wanafunzi wenyewe ukaonyesha kwamba iliungua tu. Vichwa vitatu vinatosha kwa dakika tano, kila kimoja maneno sita hadi kumi na mbili, kwa umbo lile la mkato ambalo masikio yetu yamelizoea redioni: "Pampu ya kisima yaungua, wanafunzi wachota maji mtoni." "Darubini mpya zawasili maabara ya biolojia." "Timu yetu ya mpira wa pete yashinda ugenini." Mtangazaji wa kwanza asome cha kwanza, wa pili cha pili, wa kwanza arudi. Kila kichwa kinasomwa juu ya picha yake, ndoo, darubini, wavu wa mpira, sekunde tano au sita kila mmoja. Habari ya mitihani haina kichwa kwa sababu haina picha, na kila mwanafunzi ataisikiliza hata bila kuitiwa.

Watangazaji wawili ni bora kuliko mmoja, kwa sababu ya vitendo kabisa: mmoja akikosea, unairudia sehemu yake tu. Wachaguliwe kwa kusoma, si kwa sura wala kwa ukuu wa kidato. Jaribio lake ni rahisi. Mpe kila anayetaka nafasi habari ambayo hajawahi kuiona, asome mara moja, kisha mfunike macho aseme habari hiyo ilihusu nini. Aliyeelewa anachosoma ndiye atakayeeleweka. Wengine wana sauti tamu na bado hawajui wamesema nini.

Macho ya mtangazaji ndiyo humsaliti. Akisoma karatasi iliyo mezani muda wote, watazamaji wanaona utosi wake. Kuna dawa mbili. Kwa vichwa vya habari, andika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, kila kichwa karatasi yake, na mwanafunzi mwingine aishike chini kidogo ya kamera, ikigusana nayo. Ikishikwa pembeni, macho yataonekana yakikwepa, kama ya mtu anayedanganya. Kwa habari ndefu, asome karatasini lakini ameihifadhi sentensi ya kwanza na ya mwisho, ambazo azitamke akiitazama kamera. Watazamaji huyakumbuka macho ya mwanzo na ya mwisho, katikati wanasamehe. Karatasi ya mezani iandikwe kwa herufi kubwa, upande mmoja tu, na sentensi isianze ukurasa huu na kuishia ule.

Tuje kwenye chumba. Seti rahisi ni meza moja, kitambaa cha kuifunika hadi chini ili miguu isionekane, viti viwili visivyozunguka, na kitu kimoja nyuma kinachosema hapa ni wapi: nembo ya shule, au ramani ya wilaya. Usijaze. Kila kitu kilichopo nyuma ya mtangazaji kinashindana naye.

Kosa la kawaida zaidi ni ukuta mweupe. Kamera ya simu hujipimia mwanga kwa kuangalia picha nzima. Ikiona ukuta mweupe mkubwa nyuma ya mwanafunzi mwenye ngozi nyeusi na shati jeupe, inadhani kuna mwanga mwingi mno, inaupunguza, na uso wa mtoto unageuka kivuli. Baada ya hapo watu wanalaumu simu, au wanamlaumu mtoto kwa weusi wake, jambo linaloniudhi sana, maana kosa ni la ukuta. Tundika nyuma kitambaa cha rangi ya wastani: buluu, kaki, hudhurungi. Kisha gusa uso wa mtangazaji kwenye skrini na ushikilie kidole hadi simu ifunge kipimo chake hapo. Kwenye aifoni utasoma AE/AF LOCK, na kwenye simu nyingi nyingine utaona alama ya kufuli. Ukiona uso bado una giza, sogeza kile kijua kidogo kando ya kiduara kuelekea juu hadi uone ngozi yake ilivyo. Kitambaa kikipata weupe kupita kiasi, acha. Uso ndio unaotafutwa.

Mtangazaji akae mbele ya kitambaa kwa umbali wa mita moja na nusu au mbili, kivuli chake kianguke sakafuni badala ya kumganda nyuma. Dirisha liwe mbele yake kwa upande kidogo, kamwe lisiwe mgongoni. Mwanga wa saa tatu hadi saa nne asubuhi ukiingia kupitia pazia jepesi unaushinda mwanga wa taa nyingi za kununua, ila una kasoro moja: mawingu yakipita, picha inabadilika katikati ya sentensi. Wingu likija, subirini.

Ukilazimika kutumia taa za tyubu za darasani, utakutana na michirizi ya giza inayopanda au kushuka kwenye picha. Umeme wetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Simu nyingi zimepangwa kurekodi picha 30 kwa sekunde, idadi isiyopatana na mapigo hayo. Kama simu yako inaruhusu kuchagua picha 25 kwa sekunde, chagua hiyo na michirizi mara nyingi itatoweka. Kama hairuhusu, zima taa na urudi dirishani. Rekodi sekunde kumi za majaribio na uzitazame kabla ya kuwaita watangazaji, kwa kuwa michirizi ikishaingia kwenye picha haitoki.

Kuhusu mavazi niseme moja tu. Sare ya shule inafaa, lakini sweta au tai yenye mistari myembamba iliyobanana hufanya picha ichezecheze kama maji. Kitambaa kisicho na mistari ni salama.

Sauti ni jambo zito kuliko picha. Watu wataendelea kutazama picha yenye ukungu kidogo, lakini sauti yenye mwangwi huwafanya waanze kuongea wao kwa wao ndani ya sekunde 20. Madarasa yetu yana sakafu ya saruji, kuta tupu na paa la bati, na kila neno linagonga huko na kurudi. Maikrofoni iliyo kwenye simu, mita mbili kutoka kinywani, inanasa neno pamoja na marejeo yake yote. Dawa ni kuisogeza maikrofoni, si kupaza sauti. Maiki ndogo ya kubana kwenye kola, ikiwa shubiri moja chini ya kidevu, inaleta tofauti ambayo hata mtoto wa chekechea ataisikia. Kama hakuna, azima simu ya mwalimu mwingine, fungua programu ya kurekodi sauti, na uifiche mezani nyuma ya kitabu karibu na kifua cha msomaji. Mwanzo wa kila rekodi mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri utaoanisha mlio wa kofi na picha ya mikono ikikutana, na sauti itakaa sawa na midomo. Tandikeni mablanketi ya bweni sakafuni na mtundike mengine ukutani nyuma ya kamera, ambako hayaonekani. Na mvua ikianza kupiga bati, funga kazi. Hakuna programu itakayoiondoa bila kuharibu sauti ya mtangazaji.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, weka simu katika hali ya ndege. Nimeona rekodi nzuri kuliko zote za siku hiyo ikikatwa na simu ya mtu anayeulizia nauli. Ilaze simu mlalo, tumia kamera ya nyuma, iwe kwenye kimo cha macho ya watangazaji waliokaa. Hakikisha ina nafasi: dakika moja ya video ya 1080p hula MB 100 hadi 150 hivi, na dakika 15 za rekodi mbichi zitafika GB 2.

Kwa kuwa simu ni moja, taarifa nzima irekodiwe mara tatu. Mara ya kwanza wote wawili wakiwa ndani ya picha, wakisoma salamu na kufunga. Mara ya pili simu isogezwe kwa mtangazaji wa kwanza peke yake, asome habari zake zote mfululizo. Mara ya tatu kwa wa pili. Sogeza stendi yenyewe kwa mkono. Ukivuta picha kwa vidole kwenye skrini, mara nyingi unaikuza tu na kuipunguzia makali. Mtazamaji ataona kama kulikuwa na kamera tatu. Sharti ni kwamba nafasi ya karatasi, mikono na vitu vya mezani isibadilike kati ya mara moja na nyingine, na mwanafunzi mmoja apewe kazi hiyo tu ya kuangalia.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, yaani utepe wa jina, ule mstari wenye maandishi unaotokea chini ya skrini kumtambulisha anayeongea. Watu huuona kama pambo la kuongezwa ukipatikana muda. Kwangu mimi huo ndio uthibitisho kwamba klabu inafanya kazi ya habari. Sauti ya mtu asiye na jina ni uvumi. Ukimwandika jina na kazi yake, kauli inakuwa na mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuulizwa.

Kazi ya utepe huanzia kwenye mahojiano. Kabla ya swali la kwanza, kamera ikiwa tayari inarekodi, mwandishi aseme: "Tafadhali tutajie jina lako kamili jinsi unavyoliandika, na kazi yako hapa shuleni." Mhojiwa alitaje na kulitamka herufi kwa herufi. Sekunde hizo hazitaonyeshwa, ila zitakuwa ndani ya video ileile na haziwezi kupotea kama karatasi. Msidhani mnajua. Kuna Mohamed, Mohammed, Muhamed na Muhammad. Kuna Aisha na Aysha, Elizabeth na Elisabeth, na kila mwenye jina ana lake. Mtu mzima anayeitwa na shule nzima "Mama Jikoni" ana majina mawili au matatu kwenye kitambulisho chake, na ana haki ya kuyaona kwenye skrini.

Utepe una mistari miwili. Wa juu ni jina, kwa herufi kubwa kidogo. Wa chini ni kile kinachotufanya tumsikilize: "Fundi wa pampu", "Mpishi", "Kidato cha Pili, bweni la wasichana". Neno "Mwanafunzi" peke yake halisaidii mahali ambapo karibu wote ni wanafunzi. Kama mkuu wa shule ana utepe wa rangi fulani na ukubwa fulani, mlinzi wa getini awe na uleule. Shule inayowaandika wakubwa kwa herufi nene na wafanyakazi kwa herufi nyembamba imewafundisha wanafunzi kitu kibaya bila kukisema.

Uwekaji wake una mambo machache. Utepe ukae kushoto chini, mbali na ukingo kwa kama sehemu moja ya kumi ya upana wa picha, kwa sababu televisheni nyingi hukata kingo kidogo na herufi ya kwanza ya jina ndiyo huliwa. Tumia herufi nyeupe juu ya mkanda wa buluu iliyoiva au mweusi. Herufi zilizowekwa moja kwa moja juu ya picha zinapotea pale shati jeupe linapopita nyuma yake. Herufi ziwe za kawaida zisizo na mikia wala madoido. Kwenye picha ya 1080p, jina likiwa na urefu wa nukta 50 hadi 60 na cheo nukta 40 hivi, litasomeka bwaloni. Kipimo cha haraka ni kuitazama video kwenye simu ukiwa umenyoosha mkono: ukikunja uso kusoma, ongeza ukubwa.

Utepe usitokee sekunde ileile mtu anapotokea. Mpe mtazamaji sekunde moja au mbili auone uso na asikie sauti, ndipo jina lije. Likae kwa muda wa kusomwa mara mbili kwa sauti bila haraka, kwa kawaida sekunde nne hadi tano, kisha liondoke. Jina lenye maneno matatu na cheo kirefu litahitaji sita. Hapo utagundua kwamba kauli ya sekunde tatu haiwezi kubeba utepe, kwa hiyo ama iongezwe, ama iondolewe. Kila mtu apate utepe mara ya kwanza anapoonekana, watangazaji wakiwemo, na kama amerudi baada ya habari nyingine kupita, aupate tena.

Kwenye CapCut, KineMaster au programu nyingine ya kuhariri, tengeneza utepe mmoja mzuri, kisha unakili na kubadilisha maneno tu. Ukitengeneza kila mmoja upya, utapishana kimo na rangi, na macho yataona. Hariri sauti kwanza, taarifa nzima ikae vizuri masikioni, kisha funika kwa picha za matukio, na utepe uwe wa mwisho kabisa. Ukiuweka mapema, kila unapokata sekunde mbili mahali fulani majina yanahama na kukaa chini ya sura za watu wengine. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote: jina la mtu chini ya uso wa mwingine. Muziki wa kufungulia usichukuliwe kwenye wimbo wa msanii. Rekodini ngoma za bendi ya shule kwa sekunde tano, ni mali yenu na hakuna atakayewadai.

Ukaguzi ufanyike mara mbili, na mtu ambaye hakuhariri. Mara ya kwanza anatazama bila sauti, mkononi ana rejesta za madarasa na orodha ya wafanyakazi, anasimamisha kwenye kila utepe na kulinganisha herufi kwa herufi. Mara ya pili anageuza uso na kusikiliza tu, akitafuta mahali sauti inaporuka au kupungua. Baada ya hapo video itolewe kama MP4 ya H.264, maana televisheni za zamani hazifungui aina mpya ya HEVC ambayo simu nyingi hutumia, na ipelekwe bwaloni kwa flashi. Ijaribiwe kwenye televisheni yenyewe mchana, kabla watu hawajaingia.

Habari ya pampu inaweza kumkera mtu ofisini. Ni lazima msimamizi wa maji wa shule aulizwe na jibu lake liwemo. Likiwemo, mkuu wa shule hana sababu ya kuizuia. Mwalimu mlezi asahihishe ukweli na lugha, asifute habari kwa kuwa inaumbua. Ila kuna mahali pa kuwa mkali: mtoto aliyeonewa, aliyeugua au aliyeadhibiwa asionyeshwe uso, na jina lake lisiandikwe, hata kama mwenyewe amekubali.

Na bwalo si mtandao. Kuonyesha taarifa shuleni ni jambo moja, kuirusha hadharani ni jambo jingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Mwezi Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Uso wa mtoto pamoja na jina lake kamili na jina la shule yake chini ya skrini ni taarifa binafsi waziwazi. Kwa hiyo, walimu walezi, mwanzoni mwa muhula wapelekeeni wazazi fomu ya idhini yenye maswali mawili tofauti: je, mtoto aonyeshwe shuleni, na je, aonyeshwe nje ya shule. Wekeni majibu kwenye faili moja na rejesta, na mhariri wa mwisho ayapitie kabla ya kuandika jina lolote. Na jina likikosewa pamoja na yote hayo, masahihisho yasomwe na watangazaji walewale, mwanzoni mwa taarifa inayofuata, kabla ya habari nyingine yoyote.